Dakika Tisa za Kaka Yangu

Kaka yangu mji mzima ulimwita Bwana Kivuli, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya sekondari, mrefu, mkavu, vifungo vya shati vimefungwa mpaka kooni hata siku ya jua la kuchoma. Lakini si ualimu uliompa jina. Ni ratiba. Ile karatasi ya nyakati za sala iliyokuwa imebandikwa kila msikiti wa mji wetu, madukani, majikoni, hata kwenye kibanda cha mpiga pasi, ilikuwa kazi ya mkono wake. Chini kabisa aliandika neno moja: imehakikiwa. Watu walikuwa wakibishana juu ya bei, juu ya mpira, juu ya nani kamzaa nani, wakifika kwenye ratiba ya Bwana Kivuli wananyamaza.

Mimi ni mdogo wake. Mume wangu alipofariki nilirudi kwake na cherehani yangu, nikapewa chumba cha uani. Zamani hizo simu za mkononi hazijazaliwa, mtu hakuwa na kitu mfukoni cha kumwambia jua liko wapi. Kila mwezi kaka alinitoa kwenye cherehani nikamshikie saa, kwa sababu mke wake alikwisha kufa na watoto wake wa kiume walikuwa wanamkimbia. Pale uani alisimika chuma kilichonyooka, akasawazisha ardhi kwa saruji, akanifundisha kutazama. Alifundisha vizuri, mwongo simwiti kwa hilo. Kwa mambo mengine nitamwita, tena kwa sauti.

Asubuhi kivuli cha kile chuma kinakuwa kirefu upande wa magharibi. Kinafupika, kinafupika, kinafika mahali kinasimama, halafu kinaanza kurefuka upande wa mashariki. Kikishapinduka tu, adhuhuri imeingia. Ukingoja kiongezeke urefu wa chuma chenyewe, juu ya kile kilichokuwepo jua lilipokuwa kileleni, hiyo ni alasiri. Jua likizama lote, hadi ukingo wake wa juu, ni magharibi. Mwanga wa jioni ukikatika angani, ni isha. Na alfajiri ni pale weupe unapotanda upana wa mashariki, jua lenyewe likiwa bado chini ya upeo wa macho digrii kumi na nane hivi. Hapo hakuna chuma wala kivuli, ni hesabu.

Siku moja nikamwambia saa yake ni mbovu. Mwezi wa kumi na moja kivuli kilipinduka mapema, mwezi wa pili kikachelewa karibu nusu saa. Akacheka, jambo la nadra kwake. Akasema mbovu ni saa za dunia nzima, maana saa inatembea mwendo mmoja na jua halitembei mwendo mmoja. Dunia inalizunguka jua kwa njia isiyo duara kamili. Ikilikaribia inakwenda mbio, ikiwa mbali inajikokota. Tena imeinama, haikusimama wima. Vitu hivyo viwili vikichanganyika, jua mara linaitangulia saa, mara linaachwa nyuma. Na kule kuinama ndiko kunakofanya mwezi wa kumi na mbili jua lipite kusini ya vichwa vyetu na mwezi wa sita lipite kaskazini, kivuli cha mchana kikahama kutoka upande huu wa chuma kwenda upande ule. Nilikuwa nakaa pale juani nimejifunika khanga, nashangaa jinsi kaka yangu anavyojua mambo.

Sasa ratiba yenyewe aliipataje? Hakukokotoa kila kitu mwanzo mwisho, nani ana muda huo na madaftari ya wanafunzi yamelala mezani? Alichukua ratiba ya mji mkuu, iliyotengenezwa na mabingwa, isiyo na kasoro kwa mji wao. Sisi tuko magharibi yao, jua linawafikia wao kwanza. Kila digrii moja kwenda magharibi ni dakika nne, sisi tuko digrii mbili. Basi akaongeza dakika nane. Kila sala, kila siku, mwaka mzima, dakika nane. Halafu akahakiki. Adhuhuri aliipima kila mwezi pale uani, ikakubali kila mwezi. Magharibi ilikuwa ngumu kuipima kwa sababu upande wa machweo mji wetu una mgongo wa mlima, jua linajificha nyuma yake mapema na upeo wenyewe hatuuoni. Kwa hiyo alipanda mlimani mara moja, mwezi wa tatu, akatazama jua likizama kwenye tambarare ya upande wa pili, akaangalia saa. Ikakubali bila kupungua dakika. Alishuka akiwa na furaha ya mtoto aliyevikwa viatu vipya, akaandika "imehakikiwa", na mlimani hakurudi tena.

Kuna aliyejaribu kumwambia. Kwa miaka kadhaa Ramadhani iliangukia mwezi wa sita, kipindi cha mawingu, na fundi mmoja wa matangi ya maji alikuwa juu ya tangi la mji, pale mgongo wa mlima unapoishia, akiziba tundu siku ambayo mawingu yaliachana. Aliposhuka alikuta watu wamekwisha kufuturu. Akauliza, mbona mmekula, mimi juu nimeliacha jua likiwaka? Wakampeleka kwa Bwana Kivuli. Kaka akamjibu kwa upole, mbele ya watu, kwamba aliye juu huliona jua baada ya aliye chini kulikosa, jambo hilo linajulikana. Na ni kweli linajulikana. Asichosema ni kwamba kwa urefu wa tangi lile tofauti haifiki hata dakika moja. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo yule fundi aliitwa Bwana Jua, watoto walimfuata wakimuuliza kama limezama, na mwisho akahamia mji mwingine na familia yake.

Sasa nije kwa binti. Mtoto wa kwanza wa kaka, msichana wa maneno machache, mwenye macho ya kuona mbali kama kipanga. Aliolewa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi, sisi tulimwita Bwana Misumari. Mwanamume mwenye bashasha dukani, anakukaribisha kiti, anakuuliza hali ya watoto. Akifunga duka anaifunga na bashasha humo humo. Mama yake alikuwa amepooza kitandani, na kazi ya kumgeuza, kumsafisha na kumlisha ilikuwa ya binti yetu. Kijiko kikichelewa, mama mtu analia, mtoto mtu anapiga. Mara tatu binti alikimbilia kwetu. Mara tatu kaka alimrudisha kwa mkono wake mwenyewe, kabla ya isha, akisema mke ni kwake. Niliwahi kumwambia kaka, hata mbuzi ukimrudisha kwa fisi unamwonea haya. Aliniambia nirudi kwenye cherehani yangu.

Basi mwezi wa kumi na mbili mmoja, Bwana Misumari alikasirika kwa jambo la mashuka, akatamka mbele ya ndugu zake na majirani wawili waliokuja kuamua. Alisema: "Kesho nenda kwa baba yako ukalie utakavyo. Lakini jua likizama hujaingia mlango huu, talaka tatu." Majirani wakamsihi aombe radhi kwa Mungu, akazidi kurudia. Yeye aliona amemtisha. Hakujua kwamba amemfungulia mlango, maana mwanamke wa kupigwa kila siku ukimwambia talaka tatu unamtajia sikukuu.

Kesho yake binti alikuja kwetu. Kaka yuko shuleni. Alikula, akanawa, akakaa nami uani. Jua lilipoanza kulegea alisimama akajifunga khanga yake vizuri. "Shangazi," akasema, "leo sitaki kuwahi." Nikamwambia nenda mwanangu, Mungu akusimamie. Hakwenda barabarani, alipanda mlimani.

Huko juu alikaa kwenye jiwe akalitazama jua mpaka likamezwa lote na tambarare. Hakutaka kubahatisha. Alikuwa binti wa Bwana Kivuli, alijua kwamba hukumu ni ya jua wala si ya kipaza sauti, na alijua kwamba wa mlimani huliona jua baada ya wa bondeni, kwa hiyo likiwa limezama kwake, kwa mji limekwisha kuzama zamani. Ndipo akashuka. Alitazamia kuisikia adhana njiani, hakuisikia. Nyumba ya mumewe iko chini ya mlima pale pale, mwendo wa kuteremka tu. Alitaka kuchukua watoto wake wawili na nguo zao.

Mumewe alikuwa amekaa barazani na ndugu zake. Binti akaingia mlangoni, akamwambia jua limezama nikiwa nje, nimekuja kuchukua wanangu. Yule bwana alikuwa ameshaanza kuingiwa na hofu jioni ile, maana usiku ukifika nani atamgeuza mama yake? Akaduwaa. Na hapo ndipo adhana ikaanza, kutoka msikiti wa karibu, kisha wa pili, kisha mji mzima. Akainua kidole akacheka. "Hiyo ndiyo magharibi," akasema. "Umewahi, mke wangu." Akafunga mlango kwa komeo. Usiku ule alimvunja mkono.

Alipopata nafuu ya kusimama alikwenda kwa kadhi, mkono umefungwa plasta. Kadhi wetu hakuwa mtu mbaya, siwezi kumsingizia. Alisikiliza pande zote. Hakuna aliyebisha kiapo, hakuna aliyebisha kwamba binti aliingia kabla ya adhana. Kilichobaki ni swali moja: alipoingia, jua lilikuwa limezama au bado? Binti akasema ameliona kwa macho yake. Bwana Misumari akasema macho ya mwanamke mmoja hayawezi kuushinda mji mzima. Kadhi akasema kiapo kilitaja jua, hakikutaja adhana, kwa hiyo anamtaka mjuzi wa jua. Mjuzi ni mmoja. Kawaida, akasema, baba hamtolei mwanawe ushahidi wa kumfaa, lakini mume akiridhika atamsikiliza. Bwana Misumari akaridhika haraka sana. Alisema mkwe wake hajawahi kukosea hata dakika, na ratiba yake ndiyo iliyoadhini siku ile.

Jioni iliyofuata kaka alinichukua tukapanda mlimani. Aliweka saa yake sawa na redio kabla hatujatoka. Aliniambia nitazame jua na yeye atatazama saa, nikisema basi anasoma. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Jua likashuka, likabaki nusu, likabaki kipande, kikaisha. Nikasema basi. Kaka akasoma saa, akaniuliza una hakika? Nikamwambia tazama mwenyewe, unaliona? Halikuwepo. Kwa ratiba yake zilikuwa zimebaki dakika tisa. Tukakaa kwenye jiwe, mji chini yetu unawasha taa moja moja, mpaka adhana zikapanda kutoka bondeni.

Akaanza kunieleza, kwa sauti ile ile ya darasani. Mji mkuu hauko mashariki yetu tu, uko kusini yetu pia, digrii tano na zaidi. Adhuhuri haijali kusini wala kaskazini, inajali mashariki na magharibi tu, ndiyo maana pale uani kivuli kilikubali mwaka mzima. Lakini urefu wa mchana unajali. Mwezi wa kumi na mbili jua liko kusini, wa kusini wanapata mchana mrefu kuliko sisi, linawazamia wao wakiwa wamechelewa na sisi tukiwa tumewahi. Mwezi wa tatu jua liko katikati, mchana na usiku karibu vinalingana kila mahali duniani, kusini na kaskazini hakuna wa kumzidi mwenzake. Kwa hiyo dakika zake nane zilikuwa sahihi mwezi wa tatu, zikaharibika kidogo kidogo kadiri jua linavyokwenda. "Nilipima siku ambayo hata mjinga angepatia," akasema.

Mimi sikumsikitikia. Nilishukuru. Nilimwambia Alhamdulillahi, mtoto kaachika, sasa twende tukamwambie kadhi. Hakusimama. Aliniuliza, na mwezi wa sita? Sikuelewa. Akasema mwezi wa sita jua liko kaskazini, mambo yanageuka, sisi ndio wenye mchana mrefu, na kosa lile lile linalochelewesha adhana sasa, wakati huo linaiwahisha. Dakika tisa kabla ya jua kuzama. Ndipo nikazikumbuka zile Ramadhani. Mji mzima, wazee, wagonjwa waliojikaza, wajawazito, wote walikuwa wamefunga mchana kutwa na kufungua jua likiwa bado linawaka nyuma ya mawingu, kwa amri ya karatasi ya kaka yangu. Na Bwana Jua alikuwa amesema kweli.

Nikamwambia hiyo inalipika. Watatukana wiki mbili, watalipa siku zao, yataisha. Mtoto halipiki. Alisimama akatangulia kushuka.

Siku ya baraza chumba cha kadhi kilijaa mpaka madirishani. Kaka aliingia amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, watu wakampisha. Kadhi akamuuliza kama ratiba yake ya mwezi ule ni sahihi. Akasema imehakikiwa. Kadhi akamuuliza wazi wazi, jua linaweza kuwa limezama dakika kadhaa kabla ya adhana ile? Kaka alitazama meza. Akasema, "Hapana. Halikuwa limezama."

Mimi nilisimama. Sikuombwa kusimama, nilisimama. Nikasema nilikuwa naye mlimani, nikasema dakika tisa, nikasema amenieleza sababu yake kwa kinywa chake, kusini na kaskazini, na kama kadhi hataki kuniamini apande leo jioni ajionee. Kaka hakukasirika. Aligeuka akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu mzima kwa mtoto aliyejikojolea. Akasema dada yangu anampenda sana binti huyu, ni kama mama yake, na nyote mnamjua, hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano bila miwani. Chumba kizima kikacheka. Miwani yangu ni ya karibu! Mbali naona kuliko wote waliokuwa wakicheka, na yeye alilijua hilo, ndiyo maana alinipa kazi ya kutazama jua. Nilipiga kelele mpaka mlinzi wa baraza akanishika mkono akanitoa nje. Kuhusu mlima kadhi alisema mji wenye mjuzi haupelekwi na macho ya kila mtu.

Hukumu ikatoka: talaka haikupita, mke arudi kwa mumewe. Na liniumizalo mpaka leo si hukumu. Binti alipotoka alinikuta nje nalia kwa hasira, akanishika bega kwa ule mkono mzima. Hakumshuku baba yake hata chembe. Aliniambia labda lilikuwa wingu, Shangazi, labda sikuona vizuri. Bwana Misumari akamwita kutoka barabarani, akaenda.

Juma hilo hilo kaka aliniambia chumba cha uani kinahitajika. Nikahamia nyuma ya soko na cherehani yangu.

Sasa usidhani kaka hakuwa na hofu ya Mungu. Alikuwa nayo, ila aliipangia saa zake. Mwaka mpya ulipoingia alitoa ratiba nyingine, safari hii ameikokotoa mwanzo mwisho kwa mji wetu wenyewe, ustadi mtupu. Waliomuuliza mbona imebadilika aliwaambia ameiboresha. Walimsifu. Mwenyewe aliona kafanya werevu: sala za watu zimenyooka na jina lake limebaki safi.

Alisahau kwamba jua lina tabia ya kurudi. Mwezi wa kumi na mbili ulipofika tena, binti alikuwa jikoni anamchemshia mama mkwe uji, adhana ya magharibi ikamkuta hajatazamia. Akaitazama ratiba ukutani. Tarehe ilikuwa ile ile ya jioni aliyopanda mlimani, na saa ya magharibi kwenye ratiba ya zamani, dakika tisa nyuma ya hii, alikuwa anaikumbuka kama anavyokumbuka majina ya wanawe. Alikuja kwangu kesho yake, tumbo la miezi minne liko mbele, karatasi mkononi. Hakuniuliza kitu. Aliniambia twende kwa baba.

Tulimkuta anasahihisha mitihani. Binti hakukaa. Alimuuliza kwa adabu, kama mwanafunzi, Baba, jua la jana na jua la tarehe kama ya jana mwaka uliopita, yanazama saa mbalimbali? Na mwalimu akimsikia mwanafunzi hujibu kabla hajafikiri. Akasema hapana, tarehe ile ile jua hurudi pale pale, tofauti kati ya mwaka na mwaka haipiti dakika. Kisha akaiona ile karatasi mkononi mwake, kalamu ikasimama.

Binti akasema: "Basi niliingia nikiwa nimeachika."

Akaitua ile karatasi juu ya mitihani.

"Mwaka mzima nimelala na mwanamume asiye mume wangu, na wewe ulikuwa unajua. Unawapangia watu sala, unajua niko kwenye haramu, unaniambia nivumilie. Hii mimba tuiite nini, Baba?"

Nilifikiri atalia. Nilifikiri hata jiwe lingelia. Alivua miwani akaifuta, akasema wewe ni mmoja, mwanangu, na wale ni mji. Akasema nikiwaambia walikula mchana wa Ramadhani kwa ajili yangu, nitaishi wapi? Nami nikamuuliza, na huyu anaishi wapi? Akaniambia nimwache aongee na mwanawe. Aliangalia saa, akachukua kofia yake, akasema alasiri imekaribia.

Binti alikwenda kwa kadhi na ile ratiba, nami nyuma yake, akamwonyesha tarehe, akaeleza tofauti na mwaka wa nyuma. Kadhi aliitazama kwa makini, alihangaika, nilimwona. Akasema jambo hili ni zito na yeye si mtu wa hesabu, lazima amwite mwenye ratiba aifafanue. Nikamwambia sheikh, unamwita mwizi akupimie kilichoibwa. Akaniambia nichunge ulimi.

Kaka akaja. Akaishika ratiba yake mwenyewe, akaipitisha kidole, akatikisa kichwa. Akasema ni makosa ya kiwanda cha chapa, safu ya magharibi imeingia vibaya, na anawaomba waumini msamaha kwa usumbufu. Aliahidi itasahihishwa. Na aliisahihisha kweli. Mwaka uliofuata magharibi ya mji wetu ilirudi ilivyokuwa, dakika nane kavu juu ya mji mkuu, mwezi wa tatu sahihi, mwezi wa sita mapema, mwezi wa kumi na mbili imechelewa, na chini imeandikwa imehakikiwa. Alijua sasa. Aliurudisha mji mzima kwenye kosa akiwa macho, ili mtu mmoja asitoke mlangoni.

Binti alijifungua mwezi wa tano, nyumbani kwa Bwana Misumari, mtoto wa kiume, mzima wa afya. Kaka alikuja siku ile ile na kanzu yake nyeupe. Mwenye nyumba akampokea kwa bashasha zote, akamletea kiti chumbani. Mimi nilikuwa ndani namkanda mzazi. Kaka alimpakata mjukuu wake, akainama, akamwadhinia kwenye sikio la kulia, neno kwa neno, kwa sauti nzuri, maana sauti Mungu alimpa. Binti alikuwa amelala ametazama ukuta. Kaka alipomaliza alimnyooshea binti yule mtoto ampokee, akangoja. Binti hakutoa mkono, nikampokea mimi.